RACI, DACI au RAPID: uchague lipi ili ijulikane nani anaamua na nani anaarifiwa tu

Chukua uamuzi mmoja mkubwa uliofanyika kazini kwenu hivi karibuni. Waulize watu wanne waliohusika, kila mmoja peke yake na kwa maandishi: nani aliamua? Nani aliombwa maoni kabla ya uamuzi? Nani aliambiwa baadaye? Wakikutajia jina moja kwenye swali la kwanza, hamna haja ya jedwali lolote. Wakikutajia majina mawili au matatu, au wakijibu "tuliamua kwenye kikao," basi mna tatizo ambalo RACI na ndugu zake, majedwali yanayoonyesha kwa herufi nani ana jukumu gani, walibuniwa kulitatua.

Ila hawalitatui kwa namna moja. RACI, DACI na RAPID hufanana kwa sura, maana yote matatu hugawa herufi kwa watu, na ndiyo sababu wengi huchukua lolote linalowafikia kwanza. Nimeona majedwali ya RACI yenye mistari mingi iliyojazwa kwa uangalifu mkubwa, na watu bado wanagombania nani mwenye neno la mwisho. Kosa mara nyingi si la watu. Jedwali lilikuwa linajibu swali jingine.

Hapa nitapitisha uamuzi mmoja katika yote matatu, ili uone kila moja linafichua nini na linaficha nini.

RACI inasema nini hasa

R ni anayefanya kazi. A ni anayewajibika kwa matokeo na mwenye mamlaka ya kusema "ndiyo, imekamilika" au "hapana." C ni anayeombwa maoni, na mazungumzo naye huenda na kurudi. I ni anayearifiwa, na taarifa kwake huenda upande mmoja tu.

Kila mstari una A mmoja, hata siku moja si wawili. R wanaweza kuwa zaidi ya mmoja, na mtu mmoja anaweza kubeba A na R pamoja. Juu ya kila safu huandikwa cheo, si jina, ili mtu akihama jedwali lisife naye.

Tofauti ya C na I ndiyo inayopotea mara nyingi, ingawa ndiyo rahisi kuliko zote: C husemeshwa kabla ya uamuzi, I husemeshwa baada yake. Ukimtumia mtu ujumbe tarehe ikiwa imeshapangwa, huyo ni I, hata kama jedwali limemwandika C. Na mtu aliyeandikwa I akijibu taarifa kwa hoja nzito, kisha uamuzi ukasimama kumsubiri, huyo kwa vitendo ni C, au hata A aliyejificha.

Sasa udhaifu wake. RACI imezoeleka zaidi kwenye usimamizi wa miradi. PMI, taasisi ya kimataifa ya wasimamizi wa miradi, huitaja kuwa aina mojawapo ya jedwali la kugawa majukumu. Mistari yake kwa asili ni ya kazi: kuandaa, kujenga, kukagua, kukabidhi. Uamuzi huwa umefichwa ndani ya kazi. Ukiandika "kuhamia mfumo mpya" umeandika kazi moja, lakini ndani yake kuna maamuzi matatu au manne, na kila moja linaweza kuwa na mwenyewe tofauti.

Mfano: shirika linabadilisha mfumo wa kutoa ankara

Tuseme shirika linatoza wateja wake kila mwezi. Mfumo wa zamani wa ankara umechoka, mpya umeshajengwa, na sasa lazima wauzime wa zamani na kuhamia mpya usiku mmoja. Hili ndilo jedwali la kwanza waliloandika:

| Kazi | Meneja Mradi | Mkuu wa TEHAMA | Mkuu wa Fedha | Afisa Ulinzi wa Taarifa | Mkuu wa Huduma kwa Wateja | Mkurugenzi Mkuu |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Kuhamia mfumo mpya | R | A | A | C | C | I |

Mstari mmoja tu, na una makosa manne.

La kwanza linaonekana waziwazi: A ni wawili. Mkuu wa TEHAMA anasema mfumo uko tayari, wahame Ijumaa. Mkuu wa Fedha anasema Ijumaa ni siku ya kufunga hesabu za mwezi, wasubiri. Kila mmoja ana herufi ya kumtetea. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na waliowaweka humo walifanya hivyo kwa heshima, wakiogopa kumpunguzia mkuu mmoja hadhi. Heshima hiyo ndiyo iliyozaa mvutano.

La pili: Mkuu wa Huduma kwa Wateja ameandikwa C, lakini ujumbe wa kwanza alioupata ulikuwa wa kumwambia tarehe. Wahudumu wake hawakuandaliwa, na siku ya kwanza wateja walipopiga simu kuuliza kwa nini ankara imebadilika sura, hakuna aliyekuwa na jibu. Angeulizwa mapema angesema neno moja muhimu: msihame katika wiki ambayo ankara zinatoka.

La tatu ni zito zaidi. Afisa Ulinzi wa Taarifa aliombwa maoni kweli. Alisema nakala ya taarifa za wateja itakayosafirishwa usiku huo haijasimbwa, yaani haijageuzwa kuwa msimbo wa siri, na kwa hali hiyo isiruhusiwe kutoka. Walimsikiliza, wakamshukuru, wakaendelea, kwa sababu C ni maoni na maoni yanaweza kukataliwa. Kumbe kwa sheria na kwa kanuni za shirika lenyewe, afisa huyo alikuwa na haki ya kuzuia. RACI haina herufi ya mtu anayeweza kuzuia bila kuwa yeye mwamuzi. Shika hili, tutalirudia kwenye RAPID.

La nne: Mkurugenzi Mkuu ni I. Alipopata taarifa ya tarehe, aliipindua kwa sentensi moja. Tangu siku hiyo hakuna aliyeamini jedwali, na walikuwa na haki ya kutoliamini.

RACI ileile, mistari ikiwa ya maamuzi

Kabla ya kuitupa RACI, irekebishe kwa njia moja: tenganisha maamuzi na kazi, na kila mstari wa uamuzi uanze na neno "kuamua." Utaona mstari mmoja unazaa mitano:

| Jambo | Meneja Mradi | TEHAMA | Fedha | Ulinzi wa Taarifa | Huduma kwa Wateja | Mkurugenzi Mkuu | Kiongozi wa zamu |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Kuamua vigezo vya utayari | R | C | A | C | C | I | – |
| Kuamua tarehe ya kuhama | R | C | A | C | C | I | I |
| Kuhamisha taarifa na kuzikagua | I | A | C | C | – | – | R |
| Kuamua kurudi mfumo wa zamani usiku wa kuhama | I | C | I | I | I | I | A/R |
| Kuandaa tangazo kwa wateja | C | – | – | C | A/R | I | – |

Kwa nini Mkuu wa Fedha ndiye A wa tarehe, na si Mkuu wa TEHAMA aliyejenga mfumo? Nilitumia maswali mawili. Ankara zikitoka na makosa, nani atakayeitwa kueleza hasara? Na je, mtu huyo ana mamlaka ya kusema "hapana" bila kwenda kuomba ruhusa kwingine? Maswali yote mawili yakielekea kwa mtu mmoja, A umempata. Yakielekea kwa watu wawili tofauti, yaani mmoja anabeba lawama na mwingine ana mamlaka, hamjafikia herufi bado. Hapo kuna kasoro ya uongozi inayohitaji kurekebishwa kwanza, maana ukimwandika A mtu asiye na mamlaka unampa lawama tupu.

Mkuu wa TEHAMA hajadharauliwa. Yeye ndiye anayejua kama mfumo uko tayari, na ujuzi huo unaingia kwa C kwenye tarehe na kwa A kwenye kazi yenyewe ya kuhamisha. Kujua na kuamua ni vitu viwili.

Mstari wa nne ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu karibu kila mara husahaulika. Ikifika saa tisa usiku na hesabu hazilingani, nani anaamua kurudi kwenye mfumo wa zamani? Jedwali lisiposema, kiongozi wa zamu ataanza kupiga simu. Mkuu wa Fedha amelala, Mkuu wa TEHAMA anasema amwulize Fedha, na saa zinakwenda. Kwa hiyo A hapa hawezi kuwa mkubwa aliye nyumbani. Lazima awe mtu aliyepo, aliyepewa mamlaka hayo mapema.

Anapewa vipi? Kwa vigezo vya mstari wa kwanza. Tuseme Mkuu wa Fedha ameshaidhinisha hivi: ankara 200 za majaribio zilinganishwe kati ya mifumo miwili, na zikizidi 2 zisizolingana, turudi. Tena, kurudisha mfumo wa zamani huchukua saa moja na nusu na wahudumu huanza kazi saa moja asubuhi, hivyo mwisho wa kuamua ni saa kumi na moja alfajiri, ili ibaki nusu saa ya tahadhari. Baada ya hapo kiongozi wa zamu hahitaji ujasiri wa kipekee. Anasoma matokeo, anaamua, kisha anaarifu. Ndiyo maana karibu wote kwenye mstari huo ni I. Hakuna aliyenyimwa heshima, ila muda wa kushauriana umekwisha kutumika mapema, kwenye vigezo.

C aliyebaki kwenye mstari huo ni TEHAMA, na kwake huandikwa sharti: asipopatikana ndani ya dakika 15, uamuzi hausubiri.

Herufi peke yake hazitoshi

Hata jedwali hili zuri lina nafasi mbili zinazovuja. Kwa kila C, andika maoni yanatakiwa lini. Siku tatu za kazi hutosha kwa mambo mengi, na iwe wazi kwamba asiyejibu atahesabiwa hana pingamizi. C asiye na tarehe ya mwisho humgeuza mtu yeyote kuwa mwenye kuzuia: hana haja ya kukataa, anakaa kimya tu na kazi inasimama.

Kwa kila I, andika anaarifiwa na nani, kwa njia gani, na baada ya muda gani. "Meneja Mradi, barua pepe moja, ndani ya saa 24 baada ya uamuzi" inatosha. Na maneno ya barua hiyo yana uzito. Ukimaliza kwa "naomba maoni yenu," umewageuza wote kuwa C kwa sentensi moja. Andika uamuzi ni upi, nani ameuamua, unaanza lini, na mtu afanye nini kama unamgusa. Kama kuna mlango wa kuufungua upya, taja sharti lake: taarifa mpya ambayo haikuwepo siku ya kuamua. Kutopendezwa si taarifa mpya.

Halafu soma jedwali kwa pande zote mbili. Ukisoma mstari kwa mstari unatafuta A aliyekosekana au aliyerudufiwa, mstari usio na R, na mstari wenye C wengi mno. Wakizidi wanne au watano huwa najiuliza ni nani kati yao angeweza kubadilisha uamuzi kwa anachokijua, na asiyeweza anahamia I. Ukisoma safu kwa safu unatafuta kitu kingine: mtu mwenye A kila mahali atasababisha foleni kwa shirika zima, na mtu asiye na kisanduku hata kimoja kitupu amewekwa kwa hofu ya kumwacha nje.

DACI: uamuzi mmoja, karatasi moja

DACI inahusishwa na kampuni ya programu za uhasibu ya Intuit, na imeenea zaidi kwenye timu zinazotengeneza bidhaa za kidijitali. D ni mwendeshaji, A ni mwidhinishaji, C ni wachangiaji, I ni wanaoarifiwa.

Tofauti kubwa na RACI haipo kwenye A. Ipo kwenye D. Katika RACI, R wa mstari wa "kuamua tarehe" anafanya nini hasa? Jedwali halisemi. DACI linasema: mwendeshaji anakusanya hoja, anawafuata wachangiaji, anaandika chaguo zilizopo, anapanga siku ya uamuzi, na anahakikisha siku hiyo haipiti bila jibu. Yeye haamui. Wapo wanaoona D wakadhani ndiye mwenye kuamua, na hapo mvutano unaanza upya, kwa hiyo lielezeni siku ya kwanza.

Uamuzi wetu wa tarehe katika DACI ungekaa kwenye ukurasa mmoja:

```
Uamuzi:   Tuhamie mfumo mpya lini?
D:        Meneja Mradi
A:        Mkuu wa Fedha
C:        TEHAMA, Ulinzi wa Taarifa, Huduma kwa Wateja
I:        Mkurugenzi Mkuu, Kiongozi wa zamu
Maoni:    mwisho Jumatano
Kuamua:   Ijumaa, saa nne asubuhi
Chaguo 1: Usiku wa kufunga mwezi
Chaguo 2: Wiki ya pili, hesabu zikiwa zimefungwa
Chaguo 3: Mifumo miwili iende sambamba mwezi mzima
```

Chini ya kila chaguo, wachangiaji wanaandika faida na gharama wanazozijua. Huduma kwa Wateja wanaandika kwamba chaguo la kwanza linagongana na ankara. TEHAMA wanaandika kwamba chaguo la tatu linadai kila malipo yaingizwe mara mbili. Mkuu wa Fedha anasoma, anachagua la pili, anaandika sababu kwa sentensi mbili. Mtu akiuliza miezi sita baadaye kwa nini hawakuhama mapema, jibu liko pale.

RACI haina nafasi ya kumbukumbu hiyo. Inakuambia nani aliamua, haikuambii aliamua kati ya nini na nini. Kwa upande mwingine, DACI humaliza kazi yake uamuzi ukishatoka. Nani anahamisha taarifa usiku huo, nani anazikagua, nani anatangaza: kwa hayo utarudi kwenye RACI au orodha ya kazi ya kawaida. Na ukijaribu kuandika ukurasa wa namna hii kwa kila jambo dogo, watu wataacha ndani ya wiki chache. Mimi huuweka kwa maamuzi ambayo ni ghali kuyageuza, au yanayogusa idara zaidi ya mbili.

RAPID: pale ambapo mtu ana kura ya turufu

RAPID ilitoka kwa kampuni ya ushauri ya Bain. R ni anayependekeza, A ni ambaye lazima akubali, P ni mtekelezaji, I ni mtoa mchango wa hoja, na D ndiye anayeamua. Mpangilio wa herufi haufuati mpangilio wa kazi: pendekezo huja kwanza na utekelezaji mwisho.

Rudi sasa kwa Afisa Ulinzi wa Taarifa. Katika RAPID anapata mahali pake halisi, yaani A. Meneja Mradi anapendekeza wiki ya pili (R). TEHAMA na Huduma kwa Wateja wanatoa hoja (I). Pendekezo linafika kwa Afisa Ulinzi kabla ya kwenda juu, naye anasema hakubali mpaka nakala isimbwe. Hapo pendekezo halifi. Yeye na Meneja Mradi wanalazimika kukaa na kulirekebisha: nakala itasimbwa, na usimbaji huo ujaribiwe siku mbili kabla. Wakishindwa kuelewana, suala linapanda kwa D, ambaye ni Mkuu wa Fedha, akijua waziwazi kwamba anaamua juu ya pingamizi lililoandikwa. Kisha P, yaani TEHAMA na kiongozi wa zamu, wanatekeleza.

Lakini kama pingamizi lina nguvu ya sheria, kupanda kwa D hakumpi D ruhusa ya kulivunja. D anaweza kubadilisha tarehe, bajeti au njia, hawezi kubadilisha sheria. Andikeni hilo kwenye maelezo ya herufi, ili asije mtu akadhani mamlaka ya D ni pana kuliko yalivyo.

Gharama ya RAPID iko kwenye A yake. Kila idara ikigundua kwamba ipo herufi ya kuzuia, kila idara itaitaka, na uamuzi wenye A watano hautoki. Igawe kwa mtu ambaye sheria, kanuni au usalama vinamtaka akubali, basi. Mwenye wasiwasi tu apewe I. Na kanuni ya ukimya niliyoitaja haimhusu A wa RAPID: asipojibu, hamjapata kibali, na hamwezi kudai kwamba mnacho.

Kuna mtego mwingine, na unagusa moja kwa moja utata tunaotaka kuumaliza. I ya RACI na DACI ni mtu anayeambiwa uamuzi ukishapita. I ya RAPID ni mtu anayetoa hoja kabla uamuzi haujafanyika. Herufi moja, pande mbili za uamuzi. RAPID haina kabisa herufi ya wanaoarifiwa, hivyo lazima muongeze mstari wenu chini. Shirika lenye idara moja inayotumia RACI na nyingine RAPID litakuwa na watu wanaosoma "I" kwenye karatasi na kusubiri taarifa wakati wenzao wanasubiri hoja zao. Katika mradi mmoja chagueni mfumo mmoja, na maana za herufi ziandikwe juu ya karatasi yenyewe.

Kwa mkabala

| Swali | RACI | DACI | RAPID |
|---|---|---|---|
| Mstari ni wa nini? | Kazi nyingi (na maamuzi ukiyatenganisha) | Uamuzi mmoja | Uamuzi mmoja wenye ngazi |
| Mwenye neno la mwisho | A | A | D |
| Anayeusukuma uamuzi utoke | Hajatajwa wazi | D | R |
| Anayeweza kuzuia | Hana herufi | Hana herufi | A |
| Anayetoa maoni kabla | C | C | I |
| Anayearifiwa baada | I | I | Hana herufi |
| Utekelezaji | R | Haumo | P |
| Hufaa zaidi | Kazi inayojirudia, idara nyingi | Chaguo kadhaa, uamuzi ghali kuugeuza | Kuna idhini ya lazima |
| Huharibika vipi | A wawili. C anayeambiwa mwishoni | D kudhaniwa mwamuzi | A kuwa wengi |

Ningechagua lipi

Angalia kwanza ugomvi wenu uko wapi. Kama watu hurudia kazi ileile, au kazi hudondoka kati ya idara mbili, chukua RACI, na utenganishe mistari ya kuamua. Kama kazi inakwenda vizuri lakini maamuzi yanachelewa, yanajadiliwa vikao vitatu kisha hayana mwenyewe, RACI haitawasaidia sana, kwa sababu mnakosa mwendeshaji na siku ya uamuzi. Hapo DACI. Kama maamuzi hutoka kwa wakati lakini husimamishwa dakika ya mwisho na mwanasheria, mkaguzi au mtu wa usalama, basi mna mtu mwenye kura ya turufu ambaye karatasi yenu haimwoni, na RAPID ndiyo inayomwona.

Kwa shirika la mfano wetu ningetumia RACI kwa mradi mzima, na uamuzi wa tarehe pekee ningeuandikia ukurasa wa DACI, kwa kuwa herufi za C na I zina maana moja katika yote mawili. Onyo moja tu: A ya kazi na A ya uamuzi zisichanganywe. Kwa Afisa Ulinzi ningeongeza alama ndani ya RACI, C yenye nyota, na maelezo chini: "bila kibali chake kwa maandishi, nakala haitoki." Hilo linaleta faida kuu ya RAPID bila kuwafundisha watu seti ya tatu ya herufi. Kama wenye nyota wangefika watatu, ningeacha ujanja huo na kuhamia RAPID moja kwa moja.

Kundi la watu watano au sita wanaoonana kila siku halihitaji lolote kati ya haya. Daftari la maamuzi linatosha: uamuzi, jina la aliyeamua, tarehe, sababu.

Bosi aliyeandikwa I

Nimemwacha Mkurugenzi Mkuu mwisho kwa sababu hakuna herufi inayomtatua yeye. Aliandikwa I, akapindua. Mnaweza kumwandika A na kukubali kwamba tarehe ni yake. Ni halali kabisa, ila Mkuu wa Fedha asilaumiwe tena kwa tarehe hiyo. Au mnamwacha I na kumwekea mipaka iliyoandikwa, ambayo ikivukwa uamuzi unapanda kwake: gharama ikizidi bajeti kwa zaidi ya asilimia 10, au huduma ikisimama zaidi ya siku moja. Chini ya hapo, Mkuu wa Fedha anaamua na Mkurugenzi anasoma barua pepe.

Mazungumzo haya hufanywa naye ana kwa ana, kabla jedwali halijasambazwa, na kwa maswali ya tukio halisi kuliko ya nadharia. "Mkurugenzi, Fedha wakichagua wiki ya pili na wewe ukaona wiki ya kwanza ni bora, ungependa iweje?" Akijibu kwamba angetaka kuulizwa, yeye ni C, na anapewa siku tatu kama wengine. Akijibu kwamba angebadilisha, yeye ni A. Mwandikeni kama alivyojibu, hata kama mlitarajia jibu jingine, kisha jazeni mistari iliyobaki.